Mhariri na Mzigo wa Yaliyopita katika Sura ya Kwanza

Miswada ya waandishi wanaotunga riwaya kwa mara ya kwanza ina kasoro moja inayofahamika sana kwa wahariri: hadithi huanza, kisha husimamishwa ili ukoo wa mhusika usimuliwe. Mwandishi hufanya hivyo kwa nia njema. Ameishi na wahusika wake kwa muda mrefu, anawajua tangu utoto wao, na anachelea kwamba msomaji asiyeyajua hayo yote atapotea. Kumwambia "punguza historia" hakumsaidii, kwa kuwa hakumwonyeshi ni ipi ya kupunguzwa. Hurudi akiwa amekata sentensi mojamoja kila mahali, na mzigo ungali palepale.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Sura ya kwanza ina kurasa 14. Riziki anashuka basi mjini Taveta, anafika nyumbani kwa marehemu baba yake, na anamkuta ami yake pamoja na mpima ardhi. Kamba imekwisha kunyoshwa katikati ya shamba. Huo ni mwisho wa ukurasa wa 2. Kuanzia ukurasa wa 3 hadi wa 13 msomaji anaelezwa jinsi babu alivyohamia hapo, jinsi baba alivyofanya kazi ya kukata mkonge, jinsi Riziki alivyosoma, alivyoolewa na alivyoachwa. Ami anafungua kinywa katika ukurasa wa 14. Kamba imengojea kurasa 11.

Mhariri huanza kwa penseli, akitia alama pambizoni mwa kila aya: ya sasa au ya zamani. Kisha huangalia vitenzi, maana hapa Kiswahili chenyewe hutoa ushahidi. Tukio linalosonga mbele huchukuliwa na -li- na -ka-: alishuka, akatazama, akaita. Mambo yaliyotangulia tukio hilo kwa kawaida huhitaji kitenzi kisaidizi: alikuwa amesoma, alikuwa akilima. Ukurasa uliojaa "alikuwa" bila -ka- hata moja ni ukurasa uliosimama. Lakini kuna hatari kubwa zaidi. Baada ya aya mbili tatu mwandishi huchoshwa na "alikuwa", akarudia -li- na -ka-: babu alihama, akajenga, akafa. Hapo nyakati mbili huvaa vazi moja, na msomaji hatambui ni lini aliporejeshwa shambani. Dalili yake ni lile neno "sasa" au "siku hiyo" ambalo mwandishi hulazimika kulipachika ili kumrejesha.

Aya za zamani zikishajulikana, kila moja huulizwa swali moja: bila aya hii, je, tendo la mhusika katika ukurasa huu litaeleweka vibaya? Katika mfano huu ni jambo moja tu linalopita mtihani huo. Alipokuwa mtoto, Riziki alimwona baba yake akitia dole gumba katika karatasi iliyoandikwa na ami. Hata hilo halihitaji kusimuliwa mara moja. Yatosha kuandika hivi: "Riziki hakuitazama kamba. Aliutazama mfuko wa shati la ami yake. 'Karatasi ile ungali nayo?' akauliza." Msomaji haijui karatasi hiyo, bali ami anaijua, na tofauti hiyo ndiyo itakayomfanya msomaji afunue ukurasa. Kuhama kwa babu kutangoja hadi wazee watakapoketi kuamua mpaka, kwa sababu huko kutakuwa ushahidi. Habari za ndoa huenda zikahitajika baadaye. Masomo yanaweza kuondoka kabisa.

Haifai mhariri ayachukie yaliyopita kwa kuwa ni yaliyopita. Katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, sehemu kubwa ya kitabu ni habari za wajumbe sita waliotumwa zamani. Habari hizo zinasimuliwa na Karama barazani, akijitetea dhidi ya mashtaka, na kila moja ni hoja yake. Ni kweli kwamba kitabu hicho hutangulia kueleza nchi yenyewe; lakini nchi iliyo angani haina budi kuelezwa, na Taveta haihitaji hivyo.

Barua ya mhariri basi huanza na kile kilicho hai, ikitaja ukurasa: kamba ya ukurasa wa 2 inamshika msomaji, kati ya yote yanayosimuliwa katika kurasa 3 hadi 13, ni lipi analolifikiri Riziki anapoiona? Uamuzi huachiwa mwandishi, maana ni yeye aijuaye riwaya hadi mwisho wake.

Mswada wa pili mara nyingi huja na kosa jipya. Yaliyoondolewa katika masimulizi yamehamia vinywani mwa wahusika: "Kama ujuavyo, ami, baba yako alihamia hapa akiwa kijana." Pambizoni mwa maneno kama hayo mhariri huandika swali fupi tu: "Kwani ami halijui hili?"