Kivuli cha nguzo, kivuli cha mwembe

Fundi wa sola akiona kivuli juu ya bati, mara nyingi hana mjadala: paneli zifungwe sambamba. Hoja yake ni kwamba zikifungwa mfululizo, moja ikipata kivuli zote zinalala. Kuna ukweli humo, lakini ni nusu tu, kwa sababu vivuli havifanani.

Chukua paneli ya kawaida ya wati 100. Ndani yake kuna seli 36, kila moja ikitoa takriban nusu volti, kwa hiyo ikiwa kazini hutoa volti 18 na ampea zipatazo 5.5. Seli hizo zimeshikana mfululizo, na umeme unaopita katika moja lazima upite katika zote. Seli moja ikikosa mwanga, ampea zake huporomoka na kuwabana wenzake. Mbaya zaidi, zile zenye jua huisukumia nguvu zao ile iliyofunikwa, nayo hupata moto kiasi cha kuacha doa la kahawia.

Ndiyo maana ndani ya kile kisanduku cheusi nyuma ya paneli huwekwa dayodi, kwa kawaida mbili, kila moja ikilinda seli 18. Kundi likikwama, dayodi yake huufungulia umeme njia ya pembeni. Kundi hilo hupotea, pamoja na volti zake tisa, lakini ampea za jirani hupita bila kizuizi.

Sasa weka paneli mbili za namna hiyo juu ya paa, zikiwa na kontrola ya MPPT na betri ya volti 12. Jua likiwa wazi, mfululizo hutoa volti 36 kwa ampea 5.5, na sambamba hutoa volti 18 kwa ampea 11. Zote ni karibu wati 200.

Saa nne asubuhi kivuli cha nguzo ya antena kinalala juu ya safu moja ya seli. Katika mfululizo, dayodi inalitoa kundi moja na makundi matatu yanaendelea: volti 26 na ushei kwa ampea 5.5, yaani kama wati 145. Katika sambamba mambo ni mengine. Paneli isiyo na kivuli inashikilia volti 18, wakati ile yenye kivuli ingeweza kuchapa kazi kwenye volti tisa tu. Dayodi yake haipati nafasi ya kufunguka, na paneli hiyo haiongezi kitu cha maana. Zinabaki wati 100 hivi. Mfululizo, uliokuwa ukilaumiwa, ndio umeshinda.

Mchana kivuli chepesi cha mwembe kinaifunika paneli moja yote, na mwanga wake unabaki nusu. Hapa volti karibu hazitikisiki. Zinazoanguka ni ampea. Sambamba hujumlisha 5.5 na 2.75, hivyo unapata karibu wati 150. Mfululizo hulazimika kuchagua: paneli zote mbili ziende kwa ampea 2.75, au ile iliyofunikwa iachwe kabisa. Vyovyote vile hupati zaidi ya wati 100.

Hesabu hizi zinaitegemea MPPT, ambayo hugeuza volti za ziada kuwa ampea. Kontrola ya bei nafuu ya PWM haina uwezo huo. Kwenye betri ya volti 12, paneli mbili za mfululizo huingiza ampea 5.5 zilezile na nusu ya nguvu inapotea hata jua likiwa kali. Kwa mwenye PWM, sambamba haina mshindani.

Namna paneli ilivyolazwa nayo ina uzito wake. Katika paneli nyingi za seli 36, kila dayodi hulinda safu mbili za urefu. Ukiisimamisha wima, kivuli cha ukuta kinachopanda kutoka chini hukata makundi yote mawili kwa pamoja. Ukiilaza ubavu, hugusa kundi moja kwanza. Vumbi linaloganda kwenye ukingo wa chini hufanya vilevile, na hili watu wachache hulishtukia.

Usikitafute kivuli kwa kupima volti za paneli iliyochomolewa. Mita itasoma karibu 22 hata tawi likiwa limelalia kioo, na fundi atakuambia mambo ni shwari. Pima ampea kwa mita ya kubana waya inayosoma umeme wa DC, betri ikiwa bado inahitaji chaji, kisha, kama paneli ziko sambamba, linganisha waya wa paneli moja na wa nyingine. Volti za paneli iliyochomolewa husaidia kwa jambo jingine: ikiwa jua ni wazi na mita inasoma 11 badala ya 22, kuna uwezekano mkubwa kwamba dayodi moja imeungua na kupiga shoti, na kundi lake halifanyi kazi tena, kivuli kiwepo kisiwepo.