Barua ya gereji kwa bima: uharibifu uliofichika huombewa kibali kabla ya matengenezo

Makadirio ya kwanza ya gari lililopata ajali hufanywa kwa kuangalia sehemu zinazoonekana. Ndiyo maana gereji hulazimika kuiandikia kampuni ya bima barua ya pili mara gari linapofunguliwa.

Tuchukue mfano wa gari dogo lililogongwa mbele, ambalo bima iliidhinisha shilingi 1,850,000 kwa bampa, boneti na taa. Bampa lilipotolewa, fundi alikuta rejeta imepasuka na kondensa ya kiyoyozi imepinda. Barua yake ilitaja namba ya dai, ikaeleza kwamba vifaa hivyo vilifichwa na bampa, kisha ikaomba nyongeza ya shilingi 640,000: rejeta 280,000, kondensa 220,000 na ufundi 140,000. Jumla mpya ikawa shilingi 2,490,000.

Fundi huyo pia aliona breki zilizolika, lakini hakuziweka katika ombi. Alifanya vema, kwa kuwa uchakavu si matokeo ya ajali na gharama yake ni ya mwenye gari.

Ombi la namna hii huharibika zaidi pale gereji inapotengeneza kwanza na kuandika baadaye. Mkadiriaji wa hasara anahitaji kuona kifaa kikiwa bado mahali pake, kwani alama ya mgongano hulingana na mbonyeo wa bampa, ilhali ufa wa zamani huwa na kutu au vumbi lililoganda. Kwa hiyo kazi husimama, picha huambatishwa, na vifaa vibovu hutunzwa hadi kibali kitolewe kwa maandishi. Mwenye gari aombe nakala ya barua hiyo.