Kutoka Alama za Mwalimu hadi Orodha ya Marekebisho

Insha iliyosahihishwa na kutumwa kama picha ya skrini huwa na maoni ya aina mbili: maneno yaliyoandikwa pambizoni au mwishoni, na alama zilizochorwa kwenye mistari. Katika usahihishaji wa insha za Kiswahili nchini Kenya, mistari miwili chini ya neno huonyesha kosa la sarufi, na mstari mmoja huonyesha kosa la hijai. Mistari hiyo hupigwa pale kosa linapotokea kwa mara ya kwanza tu. Kwa hiyo makosa yaliyomo katika insha yanaweza kuwa mengi kuliko alama zinazoonekana.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha picha haijakatwa kingo, maana maoni mazito mara nyingi huwa chini kabisa ya ukurasa. Kisha kila oni hupewa namba, kuanzia juu kwenda chini. Lisilosomeka huandikwa "kumuuliza mwalimu", halikisiwi.

Tuseme insha ni ya methali "Mchumia juani hulia kivulini", na picha ina maoni manne: (1) mistari miwili chini ya "kitabu ile", (2) mstari mmoja chini ya "zahabu", (3) kando ya aya ya tatu, "Hapa pana aya ngapi?", (4) mwishoni, "Kivuli kiko wapi?"

Oni la nne ndilo la mwisho kwenye ukurasa, lakini ndilo la kwanza kwa uzito. Mwalimu anasema kisa kimeonyesha jasho bila kuonyesha malipo yake, yaani nusu ya methali haijashughulikiwa. Maudhui hutangulia, hufuata mpangilio, kisha sarufi, na hijai mwishoni. Anayeanza na hijai huenda akasafisha aya ambayo baadaye ataifuta.

Orodha basi huwa hivi:

1. Kuandika upya mwisho wa kisa ili mhusika aonekane akifaidi jasho lake. (Oni 4)
2. Kugawa aya ya tatu pale kisa kinapotoka shambani kwenda sokoni. (Oni 3)
3. Kupitia kila nomino yenye kiashiria na kulinganisha ngeli: "kitabu kile". (Oni 1)
4. Kukagua maneno yote yenye "z" na "dh": dhahabu, dhambi, dharau. (Oni 2)

Vipengele viwili vya mwisho havitaji neno moja tu, bali aina nzima ya kosa, kwa kuwa alama haikurudiwa. Maneno kama "Jitahidi" hayaingii kwenye orodha, kwa sababu hayaelezi kazi ya kufanya.

Mwishoni namba za kwenye picha hulinganishwa na zile zilizo kwenye mabano. Namba isiyoonekana kwenye orodha ni oni lililosahaulika.