Mchanga juu ya pistoni: pole pole peke yake haitoshi

Chukua silinda ya chuma iliyosimamishwa wima. Ndani yake mna lita 5 za hewa, na juu ya hewa hiyo imekaa pistoni nyepesi yenye eneo la sentimita za mraba 100. Juu ya pistoni umerundikwa mchanga wa kilo 100. Silinda nzima imezamishwa ndani ya pipa kubwa la maji ya nyuzi 27, ili hewa ikitaka kupoa ipate joto kutoka kwenye maji, na ikitaka kupata moto ilitoe humo humo.

Kifaa hiki kimekaa vitabuni kwa miaka mingi, na walimu wa fizikia hawakichoki. Hesabu zake ni nyepesi. Angahewa inaisukuma pistoni chini kwa nyutoni 1000 hivi, na mchanga nao, tukichukulia kwamba kilo moja ina uzito wa nyutoni 10, unaongeza nyutoni 1000 nyingine. Kwa hiyo presha ya hewa iliyofungiwa ni kilopaskali 200, maradufu ya presha ya nje, na pistoni imetulia kwenye kimo cha sentimita 50.

Sasa mchanga wote unasukumwa pembeni kwa mkupuo mmoja. Pistoni inaruka, inapitiliza, inarudi chini, inapanda tena, na baada ya kuyumbayumba inatulia kwenye kimo cha mita 1. Ujazo umekuwa lita 10 na presha imeshuka hadi kilopaskali 100. Kazi iliyofanyika ni ile ya kuisukuma angahewa tu: nyutoni 1000 kwa nusu mita, yaani jouli 500. Mchanga haukuinuliwa hata kidogo, bado uko chini pale ulipoachwa. Na katikati ya mruko huo, mtu akiuliza presha ya hewa ilikuwa ngapi, hakuna jibu moja: karibu na pistoni ilikuwa pungufu, karibu na kitako cha silinda ilikuwa zaidi.

Njia ya pili ni kuondoa punje moja moja. Kila punje inatolewa na kuwekwa kwenye kirafu kilicho ubavuni, kwenye kimo kile kile ambacho pistoni imefika. Pistoni inapanda kidogo sana, hewa inatulia, ndipo punje nyingine inatolewa. Katika silinda fupi kama hii presha husawazika ndani ya milisekunde chache, kwa sababu husambaa kwa mwendo wa sauti. Halijoto huchukua muda mrefu zaidi. Anayetoa punje akisubiri vyote viwili, hewa huwa na presha moja na halijoto moja katika kila hatua, na safari nzima inaweza kuchorwa kwa mstari kwenye grafu. Mwendo wa namna hiyo ndio mchakato tulivu. Subira yake si ya mchezo: punje zikiwa za miligramu moja, kilo 100 ni punje milioni 100, na kwa punje moja kila sekunde kazi itachukua zaidi ya miaka mitatu.

Faida ya subira hiyo inahesabika. Mchanga ukiondolewa kwa mafungu mawili ya kilo 50, hewa inafanya kazi ya jouli 583. Ukiondolewa kwa mafungu kumi, jouli 669. Punje kwa punje, jouli 693. Hapo ndipo kikomo, na hakuna mbinu ya kukivuka kwa halijoto hiyo. Kati ya hizo 693, zile 500 bado ni za angahewa, na 193 zimo kwenye mchanga uliopandishwa na kutandazwa kwenye rafu, punje za mwisho zikiwa karibu kabisa na kimo cha mita 1.

Safari ya kurudi ndiyo inayopima kama njia ilikuwa safi. Punje zinasogezwa kutoka kwenye rafu, moja baada ya nyingine, na kurudishwa juu ya pistoni. Hewa inabanwa, inayarudishia maji joto lile lile la jouli 693 ililochukua, na pistoni inafika tena sentimita 50. Mchanga umerudi, maji yamerudi, hewa imerudi. Deni lililobaki ni kuinua kila punje kijikimo kidogo tu, na punje zikiwa ndogo zaidi, deni nalo hupungua. Huo ndio mchakato unaorudishika. Ukilinganisha, yule aliyeondoa mchanga kwa mkupuo akiurudisha pia kwa mkupuo, hewa itabanwa kwa kazi ya jouli 1000 ilhali ilitoa 500. Jouli 500 zimeishia kwenye maji kama joto.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuamini kwamba tulivu na kurudishika ni kitu kimoja. Vitabu vingi vinamwacha aamini hivyo, kwa sababu pistoni ya vitabuni huteleza bila kukwaruza. Pistoni ya kweli ina ringi, na ringi husugua ukuta wa silinda.

Tuseme msuguano wa ringi ni nyutoni 20, sawa na uzito wa kilo 2 za mchanga. Punje zinaanza kutolewa moja moja na pistoni haisogei. Kilo nzima inatoka, kimya. Ni mpaka kilo 2 zitoke ndipo inaanza kupanda, na tangu hapo presha ya ndani inabaki kilopaskali 2 juu ya ile ambayo mzigo unahitaji. Mchanga wote ukiisha, pistoni inasimama kwenye sentimita 98, si mita 1. Njiani ringi zimekula karibu jouli 10.

Kurudi ni kubaya zaidi. Msuguano uliokuwa ukivuta chini sasa unageuka na kusukuma juu, kwa sababu kila mara hupinga mwendo. Inabidi kilo 4 zirundikwe kabla pistoni haijatikisika. Na mchanga wote ukisharudi, pistoni iko sentimita 50 na nusu. Jumla ya jouli 19 hivi zimekuwa joto la ukuta na maji.

Je, akiongeza subira? Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Msuguano mkavu haujali mwendo: nyutoni 20 ni zile zile, pistoni ipande kwa saa moja au kwa miaka mitatu. Kila hatua ni tulivu, hewa ina presha moja wakati wote, grafu inachorika, na bado safari hairudishiki. Oili ikitenganisha ringi na ukuta kabisa, hali hubadilika, kwa kuwa ukinzani wa oili hupungua mwendo unapopungua, na subira hulipa tena.

Kuugundua msuguano si kazi ngumu. Weka mzigo ule ule mara mbili, mara ya kwanza ukiufikia kwa kupunguza mchanga na mara ya pili kwa kuongeza, kisha soma vimo. Vikitofautiana hata baada ya kusubiri vya kutosha, na kama hewa haivuji, ringi zinakula.

Mafundi wa vipimo wanalijua tatizo hili vizuri. Mizani ya presha, kifaa kinachotumika kuhakiki geji, ni pistoni iliyobebeshwa vyuma vya uzito unaojulikana, mchanga wetu kwa sura nyingine. Kabla ya kusoma kipimo, fundi huizungusha pistoni pamoja na vyuma vyake. Ikizunguka, msuguano huelekea upande wa mzunguko, na karibu hakuna unaobaki kuizuia isipande wala isishuke. Pistoni ikiacha kuzunguka, kipimo hakihesabiwi mpaka izungushwe tena.