Miezi miwili ya bure kwenye fremu: unailipa lini?

Fremu katika jengo jipya la Dar es Salaam unaweza kukabidhiwa ikiwa na sakafu ya saruji na geti tu. Mafundi wa dari, umeme na rafu watakaa humo wiki kadhaa, na wewe unalipia duka ambalo halijauza hata pini. Ndiyo maana mpangaji mjanja, kabla ya mkataba, huandika barua ya kusudio akiomba miezi ya matengenezo bila kodi, na kodi ipande kidogo kidogo.

Tuchukue mfano wa fremu ya shilingi 1,000,000 kwa mwezi, miaka mitatu. Ukilipa bila punguzo wala nyongeza, jumla ni milioni 36. Mwenye jengo naye anakubali miezi miwili ya bure, lakini kodi iongezeke asilimia 10 kila mwaka. Mwaka wa kwanza utalipa milioni 10, wa pili 13,200,000, wa tatu 14,520,000. Jumla ni 37,720,000. Ile bure imekugharimu 1,720,000.

Usiikatae haraka, maana hela haiji kwa wakati mmoja. Mwaka wa kwanza umebaki na milioni 2 mfukoni, wakati ambapo mtaji wote umeshaingia kwenye rafu na mzigo. Hadi mwisho wa mwaka wa pili bado uko mbele kwa 800,000. Mwaka wa tatu unazidisha 210,000 kila mwezi, hivyo faida yako inaisha mwezi wa nne. Biashara ikifa kabla ya hapo, na mkataba unakuruhusu kutoka kwa notisi, umepata nafuu. Ikidumu, utaanza kujadili mkataba mpya kutoka 1,210,000.

Mimi ningejibu hivi: miezi miwili ya bure, kisha 900,000 kwa miezi kumi, milioni moja mwaka wa pili, na 1,150,000 mwaka wa tatu. Jumla ni 34,800,000. Andika kila kiwango kwa tarakimu. Neno “asilimia 10” peke yake halisemi kama ni ya kodi ya awali au ya mwaka uliopita.

Miezi ya bure ihesabiwe tangu siku ya kupewa funguo, umeme na maji vikiwa vimeshafika. Ikihesabiwa tangu siku ya kusaini, mita ya umeme ikichelewa mwezi mzima, nusu ya zawadi imeyeyuka. Taja pia kama kodi ni kabla ya asilimia 10 ya zuio. Mwenye jengo akitaka milioni kamili mkononi, zuio linakuwa juu yako, na kodi halisi inafika takribani 1,111,000.

Malizia kwa kuandika kwamba barua hii si mkataba, na kwamba amana yoyote utakayotanguliza itarudishwa msipoafikiana. Bila sentensi hiyo ya pili, usitoe hata senti.