Hisa za bure na hisa za kununua: pesa imeingia au imehama?

Mwenye hisa hata mia mbili katika kampuni iliyoorodheshwa sokoni huenda siku moja akapokea barua ya aina mbili. Ya kwanza humwambia kwamba ataongezewa hisa bila kulipa chochote. Hizo ni hisa za bonasi. Ya pili humwambia kwamba ana haki ya kununua hisa mpya, kwa kadiri ya alizo nazo, na kwa bei iliyo chini ya ile ya sokoni. Hizo ni hisa stahiki. Wengi hufurahia barua ya kwanza na kuiweka ya pili kabatini. Mara nyingi ingefaa wafanye kinyume: ya kwanza haidai lolote kutoka kwao, lakini ya pili ina tarehe ya mwisho, na anayeipuuza hupata hasara.

Ili kuelewa tofauti yake, tufungue mizania ya kampuni upande wa mali ya wanahisa. Hapo pana mafungu mawili makubwa. La kwanza ni mtaji wa hisa, yaani idadi ya hisa zilizotolewa mara thamani iliyoandikwa kwenye kila hisa. Thamani hiyo huwa ndogo, pengine shilingi moja au tano, na haifuati bei ya soko. Fungu la pili ni akiba. Humo mna faida ya miaka iliyopita ambayo haikugawiwa, na pia ziada ya bei, yaani kile ambacho wanunuzi wa hisa mpya walilipa juu ya thamani iliyoandikwa.

Tuanze na bonasi. Mwaka 2017 Benki ya Ushirika ya Kenya iliwapa wanahisa wake hisa moja mpya kwa kila tano walizokuwa nazo. Hisa zake zilikuwa takriban bilioni 4.89, kila moja ikiwa na thamani iliyoandikwa ya shilingi 1. Baada ya bonasi zikafika takriban bilioni 5.87. Mtaji wa hisa nao ukapanda kwa shilingi zipatazo milioni 978.

Milioni hizo hazikutoka mfukoni mwa mtu. Zilitolewa kwenye akiba na kuandikwa kwenye mtaji wa hisa, hivyo fungu moja lilipungua kwa kiasi kilekile ambacho jingine liliongezeka. Jumla ya mali ya wanahisa haikusogea, na hakuna shilingi iliyoingia wala kutoka. Mwanahisa wa hisa 500 akawa na 600, lakini kila mwenzake naye aliongezewa kwa uwiano uleule, kwa hiyo sehemu yake ya benki ilibaki ileile.

Bei hufuata hesabu hiyo. Chukua kampuni ambayo hisa yake inauzwa shilingi 100, ikatoa bonasi ya hisa moja kwa kila nne. Mwenye hisa nne alikuwa na mali ya shilingi 400. Sasa ana hisa tano za kampuni ileile, kwa hiyo kila moja inapaswa kushuka hadi shilingi 80. Anayeona bei ya 80 na kudhani kampuni imeporomoka amekosea, kama alivyokosea anayedhani ametajirika kwa hisa moja.

Hata hivyo, bonasi haikosi maana. Akiba inayotokana na faida inaweza kugawiwa kama gawio, lakini ikishahamishiwa kwenye mtaji wa hisa, hairudi tena kwenye gawio. Ni kama kuchukua nafaka ya kula na kuifanya mbegu. Wakopeshaji hupenda hivyo, kwa sababu pesa hiyo haiwezi kuondoka kirahisi. Mwanahisa naye hupata faida halisi ikiwa kampuni itaendelea kulipa gawio lilelile kwa kila hisa, kwa maana sasa ana hisa nyingi zaidi za kulipwa. Gawio la kila hisa likipunguzwa kwa uwiano wa bonasi, mapato yake yatabaki palepale.

Hisa stahiki ni habari nyingine, kwa sababu hapo pesa huingia kweli. Mwaka 2012 shirika la ndege la Kenya Airways liliwapa wanahisa haki ya kununua hisa 16 mpya kwa kila 5 walizokuwa nazo, kwa shilingi 14 kila moja. Lilitaka kukusanya takriban shilingi bilioni 20.7. Kwa mwenye hisa 500, haki hiyo ilikuwa ya hisa 1,600, na gharama yake shilingi 22,400. Wengi hawakuweza au hawakutaka. Mwishowe zilinunuliwa takriban asilimia 70 ya hisa zilizotolewa, na pesa iliyopatikana ikawa karibu shilingi bilioni 14.5.

Sasa tazama zilivyoandikwa. Thamani iliyoandikwa ya hisa ilikuwa shilingi 5. Kwa hiyo katika kila shilingi 14 zilizolipwa, 5 ziliingia kwenye mtaji wa hisa na 9 kwenye akiba ya ziada ya bei. Kwa hisa mpya zipatazo bilioni 1.03, mtaji wa hisa ulipanda kutoka takriban shilingi bilioni 2.3 hadi bilioni 7.5. Ziada ya bei ilikuwa takriban bilioni 9.3, kabla ya kuondoa gharama za mawakili, madalali na matangazo, ambazo kwa kawaida hukatwa kwenye fungu hilo. Safari hii mafungu yote mawili yalikua, na upande wa pili wa mizania pesa taslimu ikaongezeka.

Na yule aliyeweka barua kabatini? Hisa zake 500 zilibaki 500, lakini hisa za shirika zima zilikuwa zimetoka takriban milioni 462 hadi karibu bilioni 1.5. Sehemu yake ikashuka hadi chini ya theluthi ya ilivyokuwa.

Kupunguzwa sehemu si hasara pekee. Turudi kwenye kampuni yetu ya hisa za shilingi 100. Tuseme inatoa hisa stahiki moja kwa kila nne, kwa shilingi 50. Anayenunua ana mali ya 400, anaongeza 50, na hisa zake tano zina thamani ya 450, yaani 90 kila moja. Asiyefanya lolote ana hisa nne za shilingi 90. Amepoteza shilingi 40. Hizo 40 ndizo thamani ya haki yake, kwa sababu haki hiyo humwezesha mtu kununua kwa 50 kitu cha 90. Pale ambapo haki zinaruhusiwa kuuzwa sokoni, asiye na pesa ya kununua anaweza kumwendea dalali kabla ya siku ya mwisho, akaiuza na kupunguza hasara hiyo.

Pesa kuingia nako si dhamana ya lolote. Miaka iliyofuata Kenya Airways ilipata hasara kubwa, na kufikia Machi 2015 mali ya wanahisa ilikuwa imeshuka chini ya sifuri. Lakini mtaji wa hisa ulibaki umeandikwa bilioni 7.5 zilezile. Hasara huandikwa kwenye fungu la faida iliyolimbikizwa, na fungu hilo ndilo lililozama. Anayesoma mstari wa mtaji wa hisa peke yake asingegundua kitu.

Kwa hiyo ripoti ya mwaka ikikufikia, tafuta jedwali la mabadiliko ya mali ya wanahisa. Soma mstari wa hisa mpya kutoka kushoto hadi safu ya jumla. Kama jumla ni sifuri, mtaji umeongezwa kwa kupunguza akiba, nayo ni bonasi. Kama pana kiasi, wanahisa wametoa pesa. Kisha shuka hadi mstari wa mwisho, utazame fungu la faida iliyolimbikizwa. Likiwa kwenye mabano, ujue hasara zimeshaanza kula pesa ambazo wanahisa walitoa.