Je, Wajua? Profaili Yako Inavyosikika Masikioni

Tuanze na mfano. Mwokaji wa keki anajitangaza Instagram, ambako maelezo ya profaili hayaruhusiwi kuzidi herufi 150. Ameandika hivi:

```
✨🎂 𝐊𝐞𝐤𝐢 𝐳𝐚 𝐇𝐚𝐫𝐮𝐬𝐢 🎂✨
━━━━━━━━━━
📍 T a n g a
👇👇👇 Oda 👇👇👇
```

Machoni panapendeza. Sasa tumsikilizishe mteja asiyeona, anayetumia simu kwa msaada wa kisoma skrini, yaani programu inayotamka yaliyoandikwa kwenye kioo.

Je, wajua kwamba huenda programu hiyo tayari imo kwenye simu yako? Simu nyingi za Android huja na TalkBack, na iPhone zote za leo zina VoiceOver. Zote mbili zilianza kutumika kwenye simu mwaka 2009. Kwenye kompyuta za Windows, wengi hutumia JAWS au NVDA, na hii ya pili hutolewa bure.

Je, wajua kwamba emoji husomwa kwa jina, wala si kwa maana uliyoikusudia? Kila emoji ina jina lake katika orodha ya Yunikodi, na kisoma skrini hulitamka kwa lugha ya sauti iliyochaguliwa, kama jina hilo lina tafsiri. Hapo ndipo mwokaji wetu anapopata aibu: jina la 🎂 ni keki ya siku ya kuzaliwa, na yeye anauza za harusi. Ile 📍, ambayo kwa macho ni alama ya mahali, jina lake ni pini ya duara. Na kila 👇 ni mkono unaoelekeza kidole chini. Amepanga sita, kwa hiyo mteja anaweza kusomewa mikono mitatu, neno "Oda", kisha mikono mitatu mingine. Ukichagua mkono wenye rangi ya ngozi, na rangi nayo hutajwa, kila mara.

Je, wajua kwamba maneno "𝐊𝐞𝐤𝐢 𝐳𝐚 𝐇𝐚𝐫𝐮𝐬𝐢" hapo juu hayakuandikwa kwa herufi za kawaida? Ni alama za hisabati. Ziliingizwa kwenye Yunikodi mwaka 2001 kwa ajili ya wanahisabati, ambao kwao herufi nzito na herufi ya mlazo ni vitu viwili tofauti ndani ya fomula. Tovuti za "fonti za kupendeza" hazibadilishi fonti yoyote. Huziondoa herufi zako na kuweka alama hizo mahali pake. Kisoma skrini kimoja kitazitaja moja moja, "K kubwa nzito ya hisabati" na kuendelea, na kingine kitaziruka kimya kimya. Huko kurukwa ndiko kubaya zaidi, maana mteja hajui hata kama kuna kilichompita.

Je, wajua kwamba kuna programu inayojaribu kuzirudisha herufi hizo katika hali ya kawaida? NVDA toleo la 2024.3 ilileta mpangilio wa kufanya hivyo kabla ya kusoma. Lakini dawa hii haiponyi kila kitu. Herufi nzito za hisabati hurudi, na hata zilizozungushiwa duara kama Ⓐ. Vile viherufi vikubwa vilivyofupishwa kimo, kama ᴛᴀɴɢᴀ, havirudi, kwa sababu kwenye Yunikodi ni alama za fonetiki zinazojitegemea, zisizohusishwa na herufi za kawaida. Tena msaada huu humfikia tu mwenye programu hiyo.

Je, wajua kwamba "T a n g a" si Tanga? Kwa mashine, nafasi ndiyo inayotenganisha maneno, kwa hiyo hapo pana maneno matano, kila moja la herufi moja. Mteja anasikia herufi zikitajwa moja moja, na aziunganishe mwenyewe. Shirika la W3C, linalotunga miongozo ya upatikanaji wa tovuti, limeuorodhesha mtindo huu wa kutanua neno kwa nafasi miongoni mwa makosa.

Je, wajua kwamba mstari wa mapambo nao una jina? Kila kipande cha ━ ni alama ya kuchorea visanduku, na mwokaji wetu ameweka kumi. Baadhi ya programu hukaa kimya, nyingine hutaja idadi, nyingine hukariri jina tena na tena. Mwandishi hawezi kujua msikilizaji wake ana ipi wala ameipangaje.

Je, wajua kwamba mstari mtupu unaweza kuwa na nukta nundu? Ili kulazimisha nafasi kati ya mistari, watu hunakili alama isiyoonekana iitwayo U+2800. Hiyo ni seli tupu ya breli, ya kwanza kati ya alama 256 za breli zilizomo kwenye Yunikodi. Kisoma skrini chaweza kuitangaza kuwa ni breli tupu. Maandishi yaliyobuniwa kwa ajili ya wasioona yanageuzwa kuwa kikwazo kwao.

Je, wajua kwamba jina lililopambwa hugharimu kuliko maelezo yaliyopambwa? Maelezo husomwa mtu anapofungua profaili. Kwenye mtandao kama X, jina hukaa juu ya kila chapisho na kila jibu, kwa hiyo emoji nne za kwenye jina zitasikika kabla ya kila sentensi unayoandika. Ukiwa na emoji moja unayoipenda sana, iweke mwishoni mwa maelezo, na usiitumie kamwe kushika nafasi ya neno.

Je, wajua kwamba herufi kubwa husaidia kwenye hashtegi? Ukiandika #kekizaharusi, mashine huona neno moja refu na kulitamka kwa kubahatisha. Ukiandika #KekiZaHarusi, visoma skrini vingi hutambua maneno yanapoachana. Utafutaji haubadiliki, kwani hashtegi zote mbili hupeleka mahali pamoja.

Je, wajua kwamba tangazo lile lote linaingia katika sentensi tatu?

```
Keki za harusi na sherehe, Tanga mjini. Oda hupokelewa siku 3 kabla. Bei na picha zipo kwenye linki ifuatayo.
```

Hazifiki herufi 150, na zimebeba habari zaidi: siku za kuagiza, na mahali zilipo bei. Nukta zimefanya kazi ya mistari ya mapambo, kwa kuwa sauti hupumua kwenye nukta. Neno "ifuatayo" limechukua kazi ya vidole sita, kwa sababu anayesikiliza huenda kitu baada ya kitu, na linki ndiyo inayofuata.

Je, wajua kwamba unaweza kuipima profaili yako mwenyewe? Kwenye Android fungua Settings, kisha Accessibility, kisha TalkBack. Kwenye iPhone ni Settings, Accessibility, VoiceOver. Ikishawaka, kugusa mara moja huchagua tu, na kugusa mara mbili ndiko kunakofungua. Kumbuka hilo usije ukashindwa kuizima. Fungua profaili, usiangalie kioo, telezesha kidole kulia kipengele kimoja kimoja. Mpe simu mtu asiyeijua kazi yako naye asikilize tu, kisha muulize unauza nini, uko wapi, na oda inawekwaje. Asipojibu mojawapo, hapo ndipo pa kurekebisha.